Wachelewaji hawaingizwi gizani

Mwongozaji mwingine wa mchezo wa kuigiza ameniandikia juzi: "Waliochelewa tutawaingiza taa zikizimwa kati ya onyesho na onyesho, hakuna atakayewaona." Sentensi hii nimeshaisikia kwa waongozaji, kwa waandaaji wa makongamano, hata kwa wahudumu wa ukumbi ambao wangepaswa kujua zaidi. Kila anayeisema huisema kwa utulivu wa mtu aliyemaliza tatizo. Basi leo niijibu kwa kirefu, ili safari ijayo nitume kiungo tu.

Taa zikizimwa jukwaani ndiyo saa mbaya kuliko zote ya kufungua mlango. Macho ya watazamaji yamezoea mwanga wa jukwaa, na ghafla hakuna mwanga. Ufa wowote wa mlango wa nyuma unakuwa ndio taa pekee ukumbini, na watu mia wanageuza shingo kuutazama. Mchelewaji naye ametoka kwenye mwanga wa mapokezi, haoni hata kiganja chake. Macho ya binadamu yanahitaji dakika kadhaa kuzoea giza, na giza la kubadilisha onyesho huwa sekunde 10 au 15. Atasimama mlangoni kama nguzo, atapapasa migongo ya viti, atakanyaga mtu. Mhudumu atawasha tochi. Wakati huo waigizaji wanashika nafasi zao gizani kwa kufuata vipande vidogo vya utepe unaong'aa vilivyobandikwa sakafuni, na tochi inayocheza-cheza nyuma ya ukumbi inawapoteza. Halafu taa zinawaka, mwigizaji anatamka neno la kwanza la onyesho jipya, na watu wanne bado wamesimama katikati ya mstari wakiomba radhi.

Kimya nacho ni hivyo hivyo. Mtu anadhani kimya ni nafasi tupu inayoweza kubeba nyayo. La, kimya ni sehemu ya mchezo, tena mara nyingi ndiyo sehemu iliyofanyiwa mazoezi zaidi.

Pa kuingizia watu ni pale penye mwanga mwingi, kelele nyingi, na hadhira iliyolegea: makofi baada ya wimbo, onyesho la umati lenye ngoma, kicheko kirefu kinachofuatwa na watu kutoka jukwaani. Mwanga wa jukwaa unamwonyesha mchelewaji ngazi, kelele inafunika nyayo, na jirani aliyekuwa akipiga makofi hakasiriki sana kusogeza magoti. Unatafuta sekunde 40 hivi za namna hiyo, na unazitafuta kwenye mswada, siku za mazoezi, ukiwa na saa mkononi na msimamizi wa jukwaa pembeni yako. Sera ya wachelewaji inayoanza kufikiriwa mlangoni usiku wa kwanza imeshachelewa kuliko wachelewaji wenyewe.

Tuchukue mfano. Mchezo unaanza saa 1:00 usiku. Sehemu ya kwanza ni dakika 50, mapumziko dakika 20, sehemu ya pili dakika 40. Ukumbi una viti 180 na milango miwili ya nyuma. Tukisoma mswada tunaona wimbo wa ufunguzi unaoisha dakika ya 7, kwa makofi. Dakika ya 22 kuna onyesho la harusi, watu wengi jukwaani, vifijo. Dakika ya 34 kuna giza refu la kubadilisha mapambo, na ndilo mwongozaji alilotaka. Baada ya giza hilo mama na binti wanazungumza kwa sauti ya chini hadi mapumziko.

Basi tunaandika hivi: mlango unafungwa mchezo ukianza, unafunguliwa dakika ya 7, unafunguliwa dakika ya 22, kisha haufunguliwi tena hadi mapumziko. Atakayefika dakika ya 25 atasubiri nusu saa kasoro kidogo nje. Atanuna, na ana haki ya kununa. Mpeni kiti, na kama kuna skrini inayoonyesha jukwaa, mwekeni mbele yake. Lakini mazungumzo ya mama na binti ndiyo yaliyowaleta wengine wote.

Kabla ya dakika ya 7, wahudumu wanawakusanya wachelewaji kwa kila mlango na kuwaambia mambo matatu: zimeni simu, mtakaa mstari wa mwisho kwa sasa, viti vyenu mtahamia wakati wa mapumziko. Maneno haya yasemwe nje. Ndani hakuna la kusema. Msimamizi wa jukwaa, ambaye anaufuata mswada mstari kwa mstari, anatoa neno kwenye redio, na mlango unafunguka kwa neno lake. Mhudumu hafungui kwa sababu amesikia makofi, kwani kuna makofi ya katikati ya wimbo pia, nayo yamewadanganya wengi.

Kila mtu akitumia sekunde 5 kupita mlangoni na kukaa, sekunde 40 zinatosha watu 8 kwa mlango mmoja. Kwa milango miwili ni 16. Mtu wa 17 anabaki nje hadi dakika ya 22, hata kama ni rafiki wa mtunzi. Hapa ndipo wahudumu wengi hushindwa, kwa sababu ya huruma: anayebaki amemwona mwenzake akiingia, na mlango bado uko wazi inchi chache. Mlango ufungwe kwa saa, foleni iishe isiishe. Na kama mapokezi yenu hayana milango miwili ya kufuatana, ambapo wa nje unafungwa kabla wa ndani haujafunguliwa, tundikeni pazia zito jeusi kwa ndani na mzime taa iliyo karibu na mlango.

Hesabu hiyo inasimama kwa sharti moja: mstari wa mwisho uwe wazi. Kwa hiyo viti vya mstari huo, tuseme 16, haviuzwi kabisa. Mweka hazina wenu atalalamika. Mwambieni kwamba mchelewaji mwenye kiti cha katikati ya mstari wa tatu, akiruhusiwa kwenda kukaa kwake, atawasimamisha watu saba na kuwaziba wote walio nyuma yao. Tiketi yake inamhakikishia kile kiti hadi mchezo unapoanza. Ukishaanza inamhakikishia kuingia tu, na kiti chake anakirudia mapumziko. Hizo ni ahadi mbili tofauti, na ziandikwe mbili kwenye tiketi. "Wachelewaji hawataruhusiwa kuingia" ni sentensi inayopendwa sana na mara nyingi haitekelezwi. Msiiandike kama hamkusudii kumrudisha nyumbani mtu aliyelipa.

Mwenye kiti cha magurudumu hahusiki na habari ya mstari wa mwisho kama mstari huo una ngazi. Nafasi yake inabaki yake hadi mwisho wa mchezo, na njia ya kuifikia inabaki wazi.

Kuchelewesha kuanza ni jambo fupi. Ikiwa saa 1:00 foleni bado inaonekana na inasogea, subirini dakika 5, na msimamizi awaambie waigizaji. Ikiwa foleni haionekani, mnamsubiri nani?

Sasa viti visivyo na wenyewe. Kwa tiketi ya kulipia msimamo wangu ni mkali: kiti kilicholipiwa hakigawiwi kwa mwingine kabla ya sehemu ya pili kuanza, hata kikiwa kitupu, kwa sababu mapumziko ndiyo saa tuliyomwahidi mwenyewe. Ila nakiri kwamba sina raha na msimamo huu. Waigizaji wanaona pengo la viti sita mbele yao kwa dakika 50, na linawapunguza nguvu. Kuna wasimamizi ninaowaheshimu ambao husogeza watu mbele dakika ya 22, na hoja yao si ya kipumbavu. Mimi bado naogopa yule mmoja atakayetokea mapumziko na tiketi yake mkononi.

Kongamano au semina ya bure ni habari nyingine. Hapo kujiandikisha hakumgharimu mtu kitu, kwa hiyo wengi hujiandikisha na hawaji, huku wengine wakisimama kwenye orodha ya kusubiri. Hapo mnaachia viti, na mnaviachia kabla ya kuanza. Ukiachia saa ile ile ya kuanza, walioitwa kutoka kwenye orodha wanakuwa wachelewaji wapya, mmewatengeneza wenyewe. Dakika 10 kabla panatosha, na saa hiyo iandikwe kwenye ujumbe wa kuthibitisha nafasi: "Kiti chako tutakihifadhi hadi saa 2:50 asubuhi."

Kosa la kawaida liko kwenye kuhesabu. Tuseme ukumbi una viti 150, vyote vimeandikishwa, na saa 2:50 waliokaguliwa mlangoni ni 118. Mtu anatoa 118 kwenye 150, anapata 32, anawaita watu 32. Lakini kwenye foleni nje wamesimama 15 waliojiandikisha na kufika kwa wakati, ambao mkaguzi wenu hajawafikia. Dakika tano baadaye mna watu 15 wenye haki na hawana kiti. Mtu mmoja aende nje kwanza, ahesabu waliojiandikisha walio kwenye foleni: aliyepo saa 2:50 amefika, ucheleweshaji ni wenu. Vinabaki 17. Achieni 12, na 5 vilivyobaki muviachie dakika 5 kabla ya kuanza.

Walioitwa kutoka kwenye orodha wakalishwe katikati ya mistari, kwa sababu wapo na wana muda wa kupita. Ncha za mistari, hasa nyuma karibu na mlango, ziachwe. Aliyejiandikisha akija saa 3:10 hana tena kiti chake, ila akibahatika kupata ncha iliyo tupu atakaa bila kumsimamisha mtu. Kama hakuna, hakuna. Njia za kutokea hazigeuzwi viti.

Mlangoni pa semina sheria ni ile ile ya makofi. Msemaji anamaliza, watu wanapiga makofi, mshereheshaji anamtambulisha anayefuata: una dakika nzima, wakati mwingine mbili. Kipindi cha maswali kinaonekana kufaa lakini hakifai, kwa kuwa muulizaji mara nyingi hajafikiwa na kipaza sauti, na mlango ukilia swali linapotea. Semina ya mafunzo yenye kazi za vikundi ni ngumu zaidi. Vikundi vikishagawanywa na kupewa kazi, anayeingia hulazimisha kikundi kimoja kirudi mwanzo kumweleza. Hapo mlango nafunga moja kwa moja hadi mapumziko, na viti vya kila kikundi vilivyo tupu vinaondolewa kwenye meza, ili mkufunzi asiendelee kumsubiri mtu kwa macho.