Je, wajua picha ya ubao wa kikao inavyogeuzwa kuwa orodha ya kazi?

"Tukimaliza kikao wote tunapiga picha ubao. Wiki ikiisha ukiuliza kazi imefikia wapi, watu wanatazamana. Sasa ile picha mtu anaigeuzaje iwe orodha ya kazi, yenye jina la mtu na tarehe?"

Kwa kurudisha yale yaliyosemwa, siku hiyo hiyo, kabla hayajasahaulika. Ubao huandikwa kwa ajili ya watu waliomo chumbani. Neno moja tu, "Magunia", linawatosha kwa sababu wametoka kuyajadili muda huo huo. Picha inabeba neno, lakini mazungumzo yenyewe hayamo. Kwa hiyo kila alama iliyopo ubaoni unaiuliza maswali matatu: nani, afanye nini, na lini. Swali lisipopata jibu unaacha pengo wazi na kwenda kuuliza. Kukisia ndiko kunakoharibu, kwa sababu ukishakisia na kuandika vizuri, msomaji hawezi kujua kipi kiliamuliwa na kikao na kipi umekiongeza wewe.

Nieleze kwa kikao kimoja nilichokiandikia muhtasari, cha chama chetu cha msingi cha ushirika huku Tandahimba, Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024. Msimu wa korosho ulikuwa ndio unafunguka na tulitarajia kuanza kupokea mzigo wiki iliyofuata. Ubao ulikuwa na mistari mitano. Wa kwanza ulisema "Magunia – M – J3". Chini yake "Mizani: stika?" imezungushiwa duara. Kisha "Madaftari", imekatwa kwa mstari. Halafu "Akaunti 38 – wote – kesho". Mwisho kabisa, kwa maka peni nyekundu iliyokuwa inakaribia kukauka, "Mkutano J'mosi saa 4".

Kabla ya maana, picha yenyewe. Niliyoipiga mwanzo haikufaa: nilisimama katikati, na dirisha lililokuwa nyuma yangu likaweka mng'ao mweupe juu ya upande wote wa kulia, ambako ndiko tarehe huandikwa. Dawa yake ni kuzima flashi, kusogea pembeni hatua moja au mbili mpaka mng'ao uhame, kupiga ubao mzima, kisha kupiga tena vipande viwili vinavyopishana kidogo katikati. Kabla ubao haujafutwa, fungua picha, kuza lile neno dogo au lililofifia kuliko yote, ulisome. Ukilisoma hilo, mengine hayatakusumbua.

Kuna tatizo jingine linalojificha kwenye kutumiana. Picha ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa ukubwa, na wino uliofifia ndio unaoumia kwanza. Kwenye nakala niliyorushiwa na mjumbe mmoja, "J3" ilisomeka kabisa kama "J5". Jumatatu ilikuwa imegeuka Jumatano, siku mbili nzima. Nilirudi kwenye picha ya simu yangu nikaona ni 3. Ukitaka picha ifike ilivyo, itume kwa kuchagua Document badala ya kuichagua kwenye picha.

Nakala hiyo ilikuwa na shida ya pili. Kwenye simu yangu jina lake lilianza na `IMG_20241009`. Iliyorushwa kesho yake asubuhi ilihifadhiwa kama `IMG-20241010-WA0003`. Hiyo tarehe ya pili ni ya kutumiana, si ya kikao. Mtu akisoma "kesho" ubaoni huku akiangalia tarehe ya faili, anafika Ijumaa 11, ilhali kikao kilimaanisha Alhamisi 10. Ndiyo maana napenda tarehe iandikwe kwenye kona ya ubao kabla ya jambo lolote, na ndiyo maana kwenye orodha hakuna "kesho" wala "wiki ijayo". Kila siku inaandikwa kwa jina lake na tarehe yake, vyote viwili, ili kimoja kimsahihishe mwenzake kikikosewa.

Sasa tusome mstari wa magunia. "M" ni nani? Kwenye chama cha msingi kuna mwenyekiti, meneja, mtunza ghala na wajumbe, na kila mmoja wao ni M. Mimi nilikuwa na hakika ni meneja, maana ndiye huenda chama kikuu kufuatilia. Nilipouliza, mtunza ghala akasema "ni mimi, si mlisema niyahesabu?" Sote wawili tulikuwa sahihi. Ubaoni palikuwa na neno moja lakini kazi zilikuwa mbili: kuyaleta na kuyahesabu. Kama ningeandika "Magunia: meneja na mtunza ghala", kila mmoja angemsubiri mwenzake. Nikaigawa, kila kazi na mtu wake mmoja. Anaweza kusaidiwa na wengine kumi, lakini wa kuulizwa ni huyo.

Bado hiyo J3. Jumatatu iliyofuata Jumatano tarehe 9 ni tarehe 14 Oktoba, kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu Nyerere, na ofisi hufungwa. Hakuna aliyeliona hilo kikaoni, kwa sababu "J3" haikuumbii kalenda kichwani kama "14 Oktoba" inavyofanya. Je, niisogeze mbele au nyuma? Si kazi yangu kuamua. Ukiisogeza mbele hadi Jumanne umekipunguzia chama siku za maandalizi. Ukirudi nyuma hadi Ijumaa umembana meneja. Niliandika "Jumatatu 14 Oktoba ni sikukuu, mwenyekiti tafadhali sema ni lini" na mwenyekiti akajibu Ijumaa, kwa sababu Jumanne wakulima wangeanza kuleta korosho na bila magunia mzigo haufungiki wala hauendi ghala kuu.

"Akaunti 38 – wote – kesho" ndio mstari ulionichukua muda kuliko yote, na naamini ndio aina inayopotea mara nyingi. Kwanza hauna kitendo. Akaunti zifanywe nini? Zikusanywe, zihakikiwe, au zirekebishwe? Ni kazi tatu tofauti. Niliporejea daftari langu la pembeni nikakuta tulizungumzia wakulima 38 ambao namba zao za benki zilikuwa na wasiwasi, na malipo ya korosho hupitia benki. Tarakimu moja ikikosewa, mtu ameuza na hajalipwa. Kwa hiyo kitendo ni kuhakiki. Pili, "wote". Kazi ya wote haina mwenyewe. Kilichokuwa kimekusudiwa ni wajumbe wawapitie wakulima vitongojini mwao, lakini lazima awepo anayeshika karatasi yenye majina 38 na kuweka alama, naye ni karani. Tatu, itajulikanaje kwamba imekwisha? "Kufuatilia akaunti" haina mwisho. "Majina 38 yote yamelinganishwa na kadi ya benki ya mkulima" inaisha, na mtu yeyote anaweza kuiangalia akasema ndiyo au bado. Karani alipoiona kazi imeandikwa hivyo, alisema mwenyewe kwamba siku moja haitoshi, akaomba hadi Jumamosi. Neno "kesho" lilipita kikaoni bila kupingwa kwa kuwa hakuna aliyejua linamdai nani.

"Mizani: stika?" si kazi bado, ni swali. Mtu aliuliza kama stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani yetu ni ya mwaka huo, na hakuna aliyejibu. Hapa kishawishi ni kuandika "Kuita Wakala wa Vipimo". Kikao hakikuamua hivyo. Kazi halali iliyomo kwenye swali ni kutafuta jibu lake, yaani kwenda kuisoma stika, na anayefaa ni karani wa mizani. "Madaftari" iliyokatwa nayo iliulizwa, kwa sababu mstari wa kukata una maana mbili: limekwisha, au limeahirishwa. Hili lilikuwa limekwisha, kwa hiyo likabaki kwenye muhtasari na halikuingia kwenye orodha.

Mkutano wa Jumamosi ni taarifa, lakini ndani yake kuna kazi: nani anawaita watu? Halafu hiyo saa 4. Ukiiingiza kwenye kalenda ya simu kama 4:00, kengele italia saa kumi alfajiri. Saa nne asubuhi kwenye simu ni 10:00. Kwenye orodha naandika "saa 4 asubuhi", na kama kuna watakaoweka ukumbusho kwenye simu naongeza 10:00 pembeni.

Jioni ile, kabla ya Isha, nilituma hii kwenye kundi la bodi kama maandishi, na picha ikafuata chini yake:

Kuleta magunia kutoka chama kikuu hadi ghalani. Meneja. Ijumaa 11 Oktoba.

Kuhesabu magunia yakifika na kusaini idadi. Mtunza ghala. Ijumaa 11 Oktoba.

Kulinganisha akaunti 38 na kadi za benki, majina yote yawe na alama. Karani. Jumamosi 12 Oktoba.

Kusoma stika ya mizani na kutaja mwaka wake hapa kundini. Karani wa mizani. Alhamisi 10 Oktoba, saa 3 asubuhi.

Kuwatangazia wanachama mkutano wa Jumamosi 12 Oktoba, saa 4 asubuhi (10:00). Mhusika: ???

Zile alama tatu za kuuliza niliziacha makusudi. Jina ambalo halikutajwa kikaoni lisipachikwe na mwandishi, na pengo linaloonekana na watu wote huzibwa haraka. Mjumbe mmoja alijibu ndani ya robo saa: "Niandike mimi, nitapita na kipaza sauti kesho." Wengine niliwaomba kila mmoja ajibu "nimekubali" au asahihishe. Anayenyamaza namhesabu kwamba hajakubali, nampigia.

Alhamisi asubuhi karani wa mizani alituma picha ya stika. Ilikuwa ya mwaka uliopita. Mstari wake ukafungwa, na chini yake ukaandikwa mwingine, mara hii kwa uamuzi wa mwenyekiti: kuomba mizani ihakikiwe kabla ya kupokea mzigo, meneja, Alhamisi 10 Oktoba kabla ya saa 6 mchana.