Filamu ya sehemu tatu: dhana potofu kuhusu kasi yake

Dhana: Filamu ya dakika 90 hugawanywa dakika thelathini mara tatu.

Mgawo uliozoeleka ni robo, nusu, robo. Jambo la kwanza la kugeuza hadithi huja karibu na dakika ya 22, la pili karibu na ya 67. Ukurasa mmoja wa muswada uliopangwa vizuri hukadiriwa kuwa dakika moja, kwa hiyo tatizo laonekana kabla kamera haijakodiwa.

Chukua hadithi ya kubuni: Mama Riziki, mwanika dagaa wa Kibirizi, Kigoma, amekopa ili anunue taa za kuvulia, nazo zinaibwa. Wizi ukiwekwa ukurasa wa 40, mtazamaji ataangalia dagaa wakianikwa bila kujua anasubiri nini. Ukiwekwa ukurasa wa 20, kuanika kule kule kunatia wasiwasi, maana deni linakaribia.

Dhana: Katikati ikipwaya, mhariri akate picha fupi fupi.

Hapa ndipo filamu nyingi zinapofia, na kosa huwa kwenye muswada. Mama Riziki anatafuta taa Ujiji, anakosa. Anakwenda kwa mjumbe, anakosa. Anapanda treni hadi Tabora, anakosa. Jaribu kubadilisha mpangilio wa matukio hayo: kama hakuna kinachoharibika, basi hakuna tukio lililozaa jingine. Kuyafupisha hakusaidii, kwa sababu yote yanabaki na uzito uleule.

Dawa ni kubadilisha swali karibu na dakika ya 45. Riziki, mwanawe, ndiye aliyeuza taa. Sasa hatujiulizi tena taa ziko wapi, tunajiuliza kama mama atamshitaki mtoto wake. Kisha ziwa lenyewe likupe saa: dagaa hufuata taa usiku wa giza, na mwanga wa mwezi hupunguza nguvu ya taa hizo. Onyesha hilali juu ya milima ya Kongo dakika ya 30, nusu mwezi dakika ya 50, na mwezi mpevu mkopeshaji anapobisha hodi dakika ya 67. Hakuna haja ya mtu kusema "muda unaisha".

Dhana: Waongozaji mahiri huvunja muundo popote wapendapo.

Katika *Psycho* ya mwaka 1960, Alfred Hitchcock anamuua mwanamke tuliyemfuata tangu mwanzo kabla filamu haijafika nusu. Lakini hatuachi mikono mitupu. Anatuweka na Norman, mwenye moteli tuliyekwisha kumjua, akisafisha bafu kwa utaratibu, kisha akizamisha gari kwenye kinamasi. Gari linakwama kidogo kabla halijazama, nasi tunajikuta tukihofia asije akakamatwa.

Ukitaka Mama Riziki afe dakika ya 45, Riziki awe amejengwa ndani ya robo ya kwanza, na deni limwangukie palepale. Ukimleta mrithi mgeni dakika ya 50, umeanza filamu nyingine, na umebakiwa na dakika 40 tu za kuijenga na kuimaliza.