Nguvu ya kuondoa chengachenga: ni nini hasa kinachobaki cha picha ya rejea

Katika programu nyingi zinazotengeneza picha mpya kutokana na picha iliyopo, kuna kitelezi kimoja kinachoitwa `Denoising strength`, au `strength`, au `denoise` tu, chenye thamani kati ya 0 na 1. Wengi hukisoma kama kipimo cha mchanganyiko, yaani 0.5 iwe nusu ya picha yangu na nusu ya ubunifu wa modeli, yaani akili bandia inayochora picha ndani ya programu. Usomaji huo ndio unaowapotezea watu muda mwingi, kwa sababu namba hiyo haigawi picha mafungu mawili. Kazi yake ni kuamua kazi ya modeli ianzie wapi, na kwa njia hiyo huamua ni vitu vya ukubwa gani katika picha vitakavyonusurika.

Nitaeleza kwa kutumia modeli iitwayo Stable Diffusion 1.5, kwa kuwa hesabu zake zinajulikana vizuri na modeli nyingi zinazotumika bado zimejengwa juu yake. Modeli hii ilifunzwa kwa kupewa picha zilizofunikwa na chengachenga, yaani madoa ya kubahatisha yasiyo na mpangilio, kwa viwango 1,000 tofauti, kuanzia zile zisizoonekana kwa jicho hadi zile zinazoizamisha picha karibu kabisa, ikajifunza kukisia ni chengachenga zipi zilizoongezwa ili ziondolewe. Ukiipa maelezo ya maandishi peke yake, huanzia kwenye chengachenga tupu na kusafisha hatua kwa hatua. Ukiipa picha ya rejea, mambo matatu hufanyika. Kwanza, sehemu ya modeli iitwayo VAE huifinya picha, kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 ukawa kisanduku kimoja chenye namba 4. Pili, chengachenga humwagwa juu ya picha hiyo iliyofinywa hadi kiwango ulichokichagua kwa kitelezi. Tatu, modeli huanza kusafisha kutoka kiwango hicho, ikiongozwa na maelezo yako. Njia hii ilielezwa mwaka 2021 katika utafiti uliopewa jina la SDEdit, na tangu hapo haijabadilika kimsingi.

Ningependa msomaji ashike jambo moja hapa: chengachenga zikishamwagwa, modeli hairudi tena kuitazama picha ya asili. Inachokijua kuhusu picha yako ni kile tu kinachoweza bado kutambulika chini ya chengachenga. Mengine yote itayabuni, na itayabuni kwa kufuata maelezo yako na mazoea iliyoyapata katika mafunzo.

Kiasi cha picha kinachoingia mwanzoni kinafuata hesabu hii, ambapo `x_0` ni picha iliyofinywa na `e` ni chengachenga:

```
x_t = a * x_0 + b * e
a*a + b*b = 1
```

Katika Stable Diffusion 1.5, ukiweka 0.2, uzito wa picha `a` ni karibu 0.87 na wa chengachenga `b` ni karibu 0.50. Ukiweka 0.5, picha hushuka hadi karibu 0.53 na chengachenga hupanda hadi 0.85. Ukifika 0.75, picha imebaki na uzito wa 0.24 hivi. Mahali ambapo viwili hivyo vinalingana si 0.5, bali ni karibu na 0.35. Ndiyo maana mtu aliyeweka 0.5 akitarajia "nusu kwa nusu" hushangaa kuona sura ya ndugu yake imegeuka sura ya mtu mwingine: chengachenga zilikuwa zimeishinda picha mapema.

Hata hivyo, uzito huo peke yake hauelezi kila kitu, kwani kwa uzito wa 0.24 ungetegemea picha iwe imepotea kabisa, na kumbe muundo wake bado unaonekana. Sababu ni kwamba nguvu ya picha haijasambaa sawasawa. Katika picha za kawaida, mabaka makubwa ya rangi na mwanga ndiyo yenye nguvu nyingi: ukuta mweupe, anga, umbo zima la mtu. Kadiri unavyoshuka kwenye vitu vidogo, kama nyuzi za kitambaa, kope au herufi, nguvu hupungua haraka. Chengachenga kwa upande wake zina nguvu ileile kwa kila ukubwa. Kwa hiyo zinapoongezwa huvimeza vitu vidogo kwanza, kisha vya wastani, na mabaka makubwa huzama mwisho. Kitelezi kinafanya kazi ya kupandisha mpaka huo: kila kilicho kidogo kuliko mpaka huandikwa upya, na kilicho kikubwa zaidi hubaki.

Kanga ni mfano mzuri kwa kuwa imekusanya vitu vya ukubwa tofauti katika nguo moja: rangi yake kwa jumla, pindo, mapambo ya mji, na jina, yaani yale maandishi ya chini. Chukua picha ya mama aliyeketi barazani mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kanga yake nyekundu na nyeusi yenye korosho ikiwa imetandazwa magotini, jina likisomeka. Picha ina pikseli 512 kwa 768, nasi tunataka kuigeuza mchoro wa rangi za maji kwa ajili ya kitabu cha watoto. Tunaweka hatua 40, `seed` ileile kila mara, yaani namba inayoamua ni chengachenga zipi zimwagwe, maelezo yaleyale, na tunabadilisha kitelezi peke yake.

Kwa 0.2, hatua 8 tu za mwisho ndizo zinazofanyika. Picha bado ni ya kamera, ila ngozi imelainika kama iliyopakwa mafuta na hakuna dalili ya brashi. Jina la kanga, hata hivyo, tayari limevunjika. Sehemu ya lawama hapa si ya kitelezi: herufi zenye urefu wa pikseli 10 hivi zinaangukia kisanduku kimoja na robo baada ya kufinywa, na hakuna namba 4 zinazoweza kuhifadhi umbo la herufi kwa uaminifu. Ukitaka kujua lawama ni ya nani, pitisha picha kwenye VAE kwenda na kurudi bila kuongeza chengachenga yoyote, kisha ulinganishe. Kilichoharibika hapo hakitaokolewa na namba yoyote ya kitelezi. Dawa yake ni kuanza na picha kubwa zaidi.

Kwa 0.35, kingo za ukuta zinaanza kulegea kama rangi iliyoloa, na jina limegeuka michirizi inayofanana na maandishi bila kusomeka kwa lugha yoyote. Mama bado anatambulika, ingawa macho si yake kabisa. Kwa 0.5 mchoro wa rangi za maji umepatikana kweli, na hapa ndipo watu wengi hutulia. Lakini ukitazama kwa makini, korosho zimekuwa maua au majani, na sura ni ya mwanamke mwingine wa umri uleule, aliyeinamisha kichwa vilevile. Pindo lipo, kwa sababu ni utepe mpana wenye rangi nzito. Ukipanda hadi 0.65, pindo nalo linaweza kusomwa vibaya na modeli likawa kivuli au ukingo wa baraza, na mkono uliokuwa juu ya goti unaweza kuyeyukia kwenye nguo. Kwa 0.8 kilichobaki ni baka jekundu lenye umbo la mtu mahali palepale, na weupe nyuma yake. Kanga inaweza kuwa gauni. Hata kwa 1.0 picha haijafutika yote, kwa kuwa katika kiwango cha mwisho cha modeli hii uzito wa picha ni karibu 0.07, na programu inayoanza na picha yako badala ya chengachenga tupu huacha mwangaza wa jumla upenye. Mtu akiweka picha ya usiku kwa 1.0 akapata mchoro wa kizakiza, hiyo ndiyo sababu.

Kutokana na mpangilio huo wa nani anazama lini, kuna jambo linalowakera wengi: kubadilisha rangi ni kugumu kuliko kubadilisha sura. Ukiandika "kanga ya bluu" kwa 0.5, utapata nyekundu, au zambarau isiyo na msimamo, kwa sababu rangi ya eneo kubwa ndiyo kitu kinachonusurika kuliko vyote. Kupandisha kitelezi hadi 0.85 kutakupa bluu na kutakunyang'anya mkao wa mama. Mimi huona ni busara zaidi kufungua picha katika programu ya kuchorea, kupaka bluu ovyoovyo juu ya kanga bila kujali kingo, kisha kurudi kwenye 0.5. Upakaji mbaya hauna madhara, kwani ubaya wake ni wa vitu vidogo, navyo vitaandikwa upya.

Kosa jingine ni kupitisha picha mara tatu kwa 0.3 ukidhani umefikia 0.9. Hujafikia. Kila mzunguko unaandika upya vitu vidogo vilevile, mkao hauguswi, ila sura inazidi kuhama kidogo kidogo na VAE inaongeza uchakavu wake kila inapopita. Dalili yake ni mistari migumu kupita kiasi na ngozi ya plastiki.

Namba hizi msizihamishe kutoka programu moja kwenda nyingine bila kupima. Katika maktaba ya Diffusers, `strength` ya 0.5 kwa hatua 40 hufanya hatua 20. Katika programu ya ComfyUI, `denoise` ya 0.5 kwa hatua 40 hufanya zote 40 ndani ya nusu ile ya mwisho. Ratiba, yaani mpango wa kila hatua ianzie kwenye kiwango gani cha chengachenga, nayo hutofautiana: ile ya Karras huzipanga hatua kwa namna nyingine, hivi kwamba 0.5 katika ComfyUI huanzia kwenye chengachenga chache kuliko ratiba ya kawaida, karibu sawa na 0.43. Kinyume chake, Stable Diffusion 3 husogeza ratiba yake kuelekea chengachenga nyingi, na kipimo cha msogeo huo kikiwa 3, ambayo ndiyo thamani yake ya kawaida, nusu ya kitelezi huanzia kwenye mchanganyiko wenye robo tu ya picha.

Inapokuwa lazima sura ya mama ibaki yake huku mtindo wote ukibadilika, namba moja kwa picha nzima haitoshi, kwani uso ni kitu kidogo na mtindo unadai mpaka upandishwe. Njia ninayoipendelea ni kutengeneza mchoro mzima kwa 0.55, kisha kurudisha uso kutoka picha ya asili kwa kuubandika mahali pake, na kuupitia peke yake kwa kinyago kinachoruhusu eneo hilo tu libadilishwe, umekuzwa hadi pikseli 512, kwa 0.3. Ukikuzwa hivyo, macho na midomo si vitu vidogo tena, na kiwango kilekile cha chengachenga hakivifikii.