Mistari 800 ya Ekseli, saiti 8: modeli mseto kwa wanaopima miche

Mwangaluka wadau. Kila msimu wa masika ukiisha huku Tabora naanza kutumiwa mafaili ya Ekseli, mtu kapanda miche, kaipima kila mwezi, sasa anataka kujua kama matandazo yamesaidia au la, na swali lenyewe huwa fupi tu, "data ninazo 800, nifanye testi gani?" Namjibu hivi: data 800 huna. Una mistari 800, na kati ya mistari na data kuna safari ndefu kidogo, ndo leo nataka tuitembee taratibu.

Tuchukue mfano. Namba nimezitunga mwenyewe ili hesabu iende vizuri, usije ukaziandika kwenye ripoti. Tuseme umepanda mjohoro, ule wakulima wa tumbaku wanaopanda kwa ajili ya kuni za mabani, kwenye saiti 8: Urambo, Kaliua, Sikonge, Nzega, Igunga, Manispaa, na Uyui mbili. Kila saiti miche 20, kumi umeiwekea matandazo ya nyasi na kumi hujaweka. Umepima urefu Desemba, Januari, Februari, Machi na Aprili. Miche 160 mara vipimo 5, ndo hiyo 800.

Sasa ule mche wa Januari na ule wa Februari ni mche uleule. Kama ulikuwa mrefu Januari basi Februari utakuwa mrefu tu, hilo halikupi habari mpya sana. Halafu miche 20 ya Igunga yote iko kwenye udongo mmoja wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi, na mvua yake ni ileile moja, wakati ya Kaliua iko kwenye kichanga na mvua inanyesha zaidi. Kwa hiyo miche ya saiti moja inafanana yenyewe kwa yenyewe kuliko inavyofanana na ya saiti nyingine. Ukichukua mistari yote 800 ukaitupa kwenye rigresheni ya kawaida, kompyuta inaamini una mashahidi 800 wasiojuana, kumbe ni saiti 8 zinazorudia kusema.

Tuone hasara yake kwa namba. Kila mche tuupe namba moja tu kwa sasa, kasi yake, yaani umeongezeka sentimita ngapi kwa mwezi. Wastani wa jumla ni sm 8. Saiti na saiti zinapishana, variansi ya saiti ni 2.25 (ni kama kusema saiti ya kawaida iko sm 1.5 juu au chini ya wastani). Na ndani ya saiti moja mche na mche wanapishana pia, variansi 9, yaani kama sm 3 hivi, humo kuna tofauti za kweli za mche na mche na pia makosa ya rula. Ukijifanya miche 160 haijuani, unajumlisha 2.25 na 9 unapata 11.25, unagawa kwa 160, kipeuo cha pili chake ni 0.27. Hilo ndo kosa sanifu la wastani wako, yaani wastani huo unaweza kuwa umekosea kwa kiasi gani. Linapendeza kwa kweli. Ila si kweli, kwa sababu variansi ya saiti inatakiwa igawanywe kwa idadi ya saiti, ya miche ndo igawanywe kwa idadi ya miche:

```
2.25/8 + 9/160 = 0.281 + 0.056 = 0.337
kipeuo cha pili = 0.58
```

Kosa limekuwa zaidi ya mara mbili ya lile la kwanza. Na angalia vipande vyenyewe, 0.281 yote inatoka kwenye saiti. Hapo ndo penye utamu wa jambo zima, maana mtu akiona kosa kubwa anachofikiria ni kuongeza miche. Haya ongeza, weka 100 kila saiti, jumla 800, umwagilie kitalu mpaka uchoke, kosa linashuka kutoka 0.58 hadi 0.54. Basi. Lakini chukua miche yako ileile 160 uigawe kwenye saiti 16, kumi kumi, kosa linashuka hadi 0.44 na hujanunua hata mche mmoja wa ziada (mafuta ya pikipiki ndo utanunua, hilo nakubali). Mimi nikiulizwa kabla ya kupanda, jibu langu ni hilo hilo kila mara, ongeza saiti.

Athari ya nasibu ya saiti ndo hiyo sasa, haina uchawi. Unaiambia modeli kwamba saiti hizi 8 ni sampo ya saiti nyingi ambazo zingeweza kuchaguliwa, kila moja ina kupanda na kushuka kwake kuzunguka wastani wa wote, nikadirie huko kupishana ni kukubwa kiasi gani. Matandazo na muda ni athari za kudumu kwa sababu hizo ndo tunataka jibu lake hasa. Ukiwa na vyote viwili kwenye modeli moja, imekuwa mseto.

Kitu kinachofuata ni matandazo yamewekwa wapi, na hapa watu wanaumia sana. Kwenye mfano wetu kila saiti ina miche yenye matandazo na isiyo nayo, kwa hiyo unalinganisha Igunga na Igunga, Urambo na Urambo, ubaya au uzuri wa saiti unajifuta wenyewe. Kosa la tofauti linakuwa kipeuo cha pili cha 9/80 + 9/80, yaani 0.47. Tuseme matandazo yameongeza sm 1.5 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya mara tatu ya kosa, inaonekana wazi. Sasa kuna mwingine ili kurahisisha kazi anaweka matandazo saiti nne nzima, nne nyingine anaziacha. Miche ni ileile 160, mistari ileile 800, ila hapo saiti hazijifuti tena, kosa linakuwa kipeuo cha pili cha 2.25/4 + 2.25/4 + 9/80 + 9/80, ni 1.16. Ile sm 1.5 yako imemezwa. Na hakuna modeli ya kukuokoa hapo, modeli itakwambia ukweli tu kwamba ulilinganisha nne kwa nne. Tahadhari moja, hiyo 0.47 inachukulia matandazo yanasaidia kwa kiasi kilekile kila mahali, kama Igunga yanasaidia sana na Kaliua hayasaidii kitu, kosa litapanda na itabidi uiruhusu athari ya matandazo nayo ipishane kwa saiti.

Kwenye programu ya R sasa hatuhitaji kupiga kasi ya kila mche kwa mkono, tunampa mistari yote 800:

```r
library(lmerTest)
m <- lmer(urefu ~ miezi * matandazo +
          (1 + miezi | saiti/mche), data = miche)
summary(m)
```

`miezi` inaanza 0 Desemba hadi 4 Aprili, ianzishe na sifuri ili namba ya kwanza iwe na maana, urefu wa mche siku ya kipimo cha kwanza. Ile mabano inasema kila saiti ina urefu wake wa kuanzia na kasi yake, na ndani ya saiti kila mche vilevile. Wengi wanaandika `(1 | saiti/mche)` wanaacha kasi, yaani wanakubali miche ianze na urefu tofauti ila yote ikue kwa mwendo mmoja, na kwa miche jambo hilo halipo kabisa, ukifanya hivyo kosa la `miezi:matandazo` linatoka dogo kuliko inavyostahili. Na jibu lako la matandazo liko hapohapo kwenye `miezi:matandazo`, ni sentimita ngapi zaidi kwa mwezi, usiangalie `matandazo` peke yake maana hiyo ni tofauti ya siku ya kwanza tu, na kama uligawa miche kwa bahati nasibu inatakiwa iwe karibu na sifuri.

Kabla hujasoma chochote shuka chini ya athari za nasibu, tafuta maneno haya:

```
Number of obs: 800, groups:  mche:saiti, 160; saiti, 8
```

Kama miche umeiita 1 hadi 20 kila saiti halafu ukaandika `(1 | mche)` peke yake, utaona `mche, 20`, modeli imemchukua mche namba 7 wa Nzega na namba 7 wa Urambo ikadhani ni mtu mmoja. Haitakulalamikia, inatoa majibu vizuri tu. Halafu angalia kolamu ya `df`, yaani modeli inahesabu una ushahidi huru kiasi gani. Kwa `miezi` inatakiwa iwe ndogo, 7 hadi 10 hivi, kwa sababu saiti ni 8. Ukiona 600 na kitu ujue kasi ya saiti haimo kwenye modeli yako.

Tuje kwa mbuzi. Igunga mbuzi wameingia, miche mitatu tu ndo imebaki, wastani wake sm 4.5 kwa mwezi. Je, saiti ni mbaya hivyo? Modeli haiiamini moja kwa moja hiyo 4.5, inaivuta kuelekea 8 kulingana na wingi wa ushahidi. Uzito ni 2.25 gawa kwa (2.25 + 9/3), sawa na 0.43, kwa hiyo makadirio ni 8 toa 3.5 mara 0.43, yaani 6.5. Miche ingebaki yote 20 uzito ungekuwa 0.83 na makadirio 5.1. Mimi hili nalipenda sana, saiti yenye miche mitatu haipigi kelele kuliko zenzake. Ila lina mpaka wake: kama mbuzi wamekula miche mirefu kwanza na kuacha mifupi, hiyo mitatu haiwakilishi waliokufa, na modeli haijui habari za mbuzi. Andika sababu ya kufa kwenye kolamu yake.

Kuna ujumbe utakutana nao:

```
boundary (singular) fit: see help('isSingular')
```

Mara nyingi ni kwamba saiti ni chache, tatu au nne, na huwezi kukadiria kupishana kwa saiti kutoka kwenye namba tatu. Anza kwa kutoa uhusiano kati ya urefu wa kuanzia na kasi kwa kuandika `||` badala ya `|`. Ikikataa na saiti ni tatu tu, iweke saiti kama athari ya kudumu, kisha kubali kwamba majibu yako ni ya saiti hizo tatu, si ya mkoa mzima.

Mwisho, mstari ulionyooka. Desemba hadi Aprili unafaa kwa sababu mvua ipo, ukiendelea kupima mpaka Septemba mche unasimama na modeli itakupa kasi ya wastani ambayo haikuwepo mwezi wowote. Tenganisha masika na kiangazi. Na kama mti wako ni mninga ndo kabisa, miche yake inakauka juu kila kiangazi miaka ya mwanzo huku mzizi chini unaendelea kunenepa, halafu mvua zikirudi unachipua upya, kwa hiyo urefu wa Oktoba ni mdogo kuliko wa Aprili na mche ni mzima wa afya. Usimfute ukidhani ni kosa la kipimo. Kwa mninga, linganisha urefu wa mwisho wa kila masika, mwaka kwa mwaka.