Mzigo Linganifu wa Fezi Tatu: Volteji na Mkondo katika Nyota na Delta

Mzigo wa fezi tatu huitwa linganifu pale ambapo sehemu zake tatu zina ukinzani uleule na tabia ileile ya umeme, kiasi kwamba kila fezi huvuta mkondo sawa na wenzake, ingawa mikondo hiyo hufikia kilele kwa zamu, kila mmoja ukipishana na mwingine kwa nyuzi 120. Katika hali hiyo, kinachopimwa kwenye fezi moja kinatosha kueleza zote tatu, mradi mpimaji ajue anapima wapi: kati ya waya mbili za laini, au kwenye ncha mbili za koili au kipashio kimoja.

Tuchukue tangi la kuchemshia maji lenye vipashio vitatu, kila kimoja kikiwa na ukinzani wa omu 46 na kimetengenezwa kwa volti 230, likiunganishwa kwenye umeme wa volti 400.

Katika muungo wa nyota, ambao mafundi wengi huuita sta, ncha moja ya kila kipashio huungwa pamoja na za wenzake kwenye nukta ya katikati, na ncha zilizobaki hupokea waya za laini. Kila waya wa laini huishia kwenye kipashio kimoja tu, hivyo mkondo hauna mahali pa kugawanyika, na mkondo wa laini ni uleule wa fezi. Volteji ndiyo inayotofautiana. Kati ya laini na laini kuna vipashio viwili, na volteji ya laini ni tofauti ya volteji za fezi mbili ambazo hazifiki kilele kwa wakati mmoja. Ukizichora kama mishale miwili ya urefu wa 230 yenye pembe ya nyuzi 120 kati yake, umbali kutoka ncha moja hadi nyingine ni 230 mara √3, yaani takriban 400. Kwa hiyo kila kipashio hupata volti 230, huvuta ampea 5, na tangi zima hutumia takriban wati 3,450. Kwa kuwa mikondo mitatu iliyo linganifu hujumlika kuwa sifuri, waya wa nyutro hauna mkondo wa kubeba.

Katika delta, vipashio huungwa ncha kwa ncha kama pembetatu, na kila pembe hupokea waya wa laini. Sasa kila kipashio kimekaa moja kwa moja kati ya laini mbili, kwa hiyo volteji ya fezi ni ileile ya laini, volti 400. Mkondo wa kipashio ni 400 gawanya kwa 46, takriban ampea 8.7. Lakini kila waya wa laini unalisha vipashio viwili, na kwa sababu ileile ya kupishana kwa nyuzi, mkondo wake ni 8.7 mara √3, takriban ampea 15.1. Nguvu imefika karibu wati 10,440, mara tatu ya ile ya nyota, na vipashio vya volti 230 havitaistahimili hali hiyo. Ni kosa linaloonekana dogo, kwani ni vipande vichache tu vya shaba vilivyohamishwa kwenye sanduku la miunganisho.

Ndiyo maana kibao cha mota kinastahili kusomwa kabla ya kushika bisibisi. Kilichoandikwa 230/400 V, Δ/Y, kinamaanisha kwamba koili inastahimili volti 230, hivyo kwenye umeme wa volti 400 mota hiyo ifungwe nyota. Kilichoandikwa 400/690 V kinataka delta kwenye umeme huohuo. Mota hii ya pili ndiyo inayoweza kuwashwa kwa nyota kisha ikahamishiwa delta, kwa kuwa kuanzia nyota hupunguza mkondo wa laini hadi theluthi moja. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi, na mota iliyobebeshwa mzigo mzito tangu mwanzo inaweza kushindwa kuondoka.

Ulinganifu ukivunjika, mita ya kubana waya huonyesha. Kipashio kimoja kikikatika ndani ya delta, waya mbili zilizokuwa zikikilisha hushuka hadi ampea 8.7, na ule usiokigusa hubaki na 15.1. Katika nyota isiyo na nyutro, waya mmoja husoma sifuri, na vipashio viwili vilivyobaki, vikiwa mfululizo kati ya laini mbili, huvuta takriban ampea 4.3. Nyutro ikiwapo, viwili hivyo huendelea na ampea 5 kila kimoja, na nyutro yenyewe sasa hubeba ampea 5.