Slaidi ya kwanza A au B? Dhana potofu kuhusu kupima ipi inawafanya watu watelezeshe

Tuseme fundi wa gauni ana posti ya picha tano Instagram: namna ya kujipima nyumbani kabla ya kuagiza nguo. Ana slaidi mbili za kwanza na hajui aanze na ipi. A imeandikwa "Jinsi ya kujipima nyumbani". B imeandikwa "Gauni linakubana mabegani? Kosa lilianzia kwenye futi kamba". Picha ni ileile, na slaidi nne zinazofuata ni zilezile.

Dhana: Weka A Jumatatu, B Alhamisi, halafu hesabu "likes".

Kinachopimwa hapo ni siku, si slaidi. Waliokufuata wengi watakuwa wameshaiona ya Jumatatu, kwa hiyo ya Alhamisi inawafikia ikiwa kiporo. Tena "like" haisemi kama mtu alitelezesha, kwa sababu anaweza kuigonga akiwa bado kwenye picha ya kwanza na kwenda zake. Kuna na jambo ambalo wengi hawalijui: mtu aliyeipita posti yako bila kutelezesha, Instagram huweza kumwonyesha tena baadaye ikianzia slaidi ya pili. Akiendelea kusoma kutokea hapo, sifa inakwenda kwa slaidi ya kwanza ambayo kwake haikufua dafu.

Dhana: Basi nikilipia matangazo mawili kwa pamoja, nimeshapima.

Bado. Matangazo mawili yakikaa kwenye kundi moja na bajeti moja, mfumo huegemea upande mmoja mapema sana, na la pili hubaki likionyeshwa kwa watu wachache. Kwenye Meta Ads Manager kuna sehemu ya A/B test. Hiyo huwagawa watu mafungu mawili kwa bahati nasibu, na aliyeangukia A haonyeshwi B. Mpe kila upande bajeti sawa na siku saba kamili, maana watu wa Ijumaa jioni hawashiki simu kama wa Jumanne asubuhi.

Kabla ya kurusha, zima kile kitufe kinachoruhusu mfumo wenyewe kupanga kadi, yaani slaidi za tangazo, kwa kutanguliza inayofanya vizuri. Kikibaki kimewashwa, slaidi yako ya kwanza inaweza kusogezwa hadi ya tatu, na utakuwa umelipia jaribio ambalo halikufanyika.

Kutelezesha kwenyewe utakuhesabuje kama ripoti haikuonyeshi? Fungua mgawanyo wa mibofyo kwa kila kadi, uchukue ya kadi ya pili hadi ya tano tu. Hakuna anayebofya kadi ya nne bila kutelezesha mpaka afike. Wengi waliotelezesha bila kubofya hawatahesabiwa, ila upungufu huo uko pande zote mbili.

Dhana: Aliyepata nyingi ndiye mshindi.

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Tuseme kila upande umewafikia watu 3,000. A imepata mibofyo 36 kwenye kadi za ndani, B imepata 45. Tisa zaidi! Fundi anataka kufuta A.

Asifute kwanza. Ipo hesabu fupi inayofaa pale pande zote zimefikia watu sawa na wanaobofya ni wachache kati yao: jumlisha mibofyo yote, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, uzidishe kwa mbili. 36 na 45 ni 81, kipeuo chake ni 9, mara mbili ni 18. Tofauti isiyofika 18 usiiamini. Yake ni 9. Hata angeweka A pande zote mbili, pengo kama hilo au kubwa zaidi lingetokea takribani mara tatu katika kila kumi. Ingekuwa 30 kwa 51, tofauti ni 21, hapo B ana hoja.

Na kama kweli B inazidi kwa kiasi hicho kidogo tu, asilimia 1.5 dhidi ya 1.2, kuithibitisha kungehitaji watu kama 24,000 kila upande. Kwa duka dogo haina maana. Ndiyo maana mimi huona ni afadhali kupima kauli zinazopishana sana, maelekezo dhidi ya kero kwa mfano, kuliko kubadili rangi ya maandishi.

Dhana: Badilisha picha na maneno kwa mpigo, uokoe muda.

Ukitaka mshindi tu, sawa. Ila hutajua kilichoshinda ni picha ya bega lililobanwa au sentensi, na posti ijayo utaanza upya.

Dhana: Mitelezo mingi ndiyo slaidi bora.

Tazama wanaishia wapi. B ikijaza mibofyo kadi ya pili, kisha ya nne na ya tano zikabaki tupu kuliko za A, ujue watu walikuja kutafuta dawa ya mabega wakakuta somo la kupima kiuno. Hapo cha kurekebisha ni slaidi ya pili: ianze na bega.