Salamu za mwisho wa mwaka kwa nesi aliyemuuguza mzazi: dhana potofu na ukweli

Mwaka unapoelekea ukingoni, wengi hutaka kumwandikia nesi au msaidizi aliyemuuguza baba au mama. Mtu anaandika mistari miwili, anafuta, mwishowe anatuma picha ya maua yenye maneno ya heri ambayo imeshazunguka kwenye simu za watu kibao. Moyo wa shukrani anao. Kinachomkwamisha ni mambo machache anayoyaamini kuhusu salamu hizi.

Dhana: Shukrani kubwa inataka maneno makubwa

Chukua ujumbe huu: "Sista, sina maneno ya kukushukuru kwa yote uliyomtendea mama. Wewe ni malaika. Mungu akubariki, heri ya mwaka mpya."

Adabu ipo. Lakini mpe nesi wa wodi nyingine yoyote ujumbe huohuo, utamfaa vilevile. Nesi huhudumia wagonjwa wengi kwa mwaka, na akisoma "mama" hajui ni mama yupi. Akisoma "yote", hajui ni lipi lililokugusa.

Ukweli ni kwamba tendo moja lililotajwa kwa usahihi lina uzito kuliko sifa kumi. Ukitaka kulipata, usijiulize "alitusaidia nini?" Jiulize ni saa ipi ulipokuwa na hofu, naye akafanya nini kwa mikono yake. Tuseme mama alipata kiharusi na kumeza kukawa shida. Hapo hatari ni kupaliwa: chakula kinateleza kwenye njia ya hewa na kinaweza kuleta nimonia. Nesi anayejua kazi yake humkalisha mgonjwa wima, humpa kiasi kidogo, husubiri ameze ndipo aongeze, na baada ya chakula hamlazi papo hapo, humwacha amekaa kama nusu saa. Ukikaa pembeni unaona mtu anayelisha polepole tu. Kumbe kila kijiko kina hesabu yake.

Ujumbe uleule sasa unaweza kuwa hivi:

"Sista, mimi ni binti wa yule mama wa kitanda cha dirishani, aliyelazwa mwezi wa sita. Siku zile tulipoogopa kumlisha, ulimkalisha wima, ukampa kijiko kidogo kimoja, ukangoja ameze ndipo ukaongeza kingine. Ukanionyesha pia jinsi ya kuangalia kama chakula kimebaki kwenye shavu lililolegea. Mpaka leo tunamlisha hivyohivyo, na sasa ameanza kushika kijiko mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mwaka unaisha, nimeona nisikae kimya. Asante sana. Nakutakia mwaka mpya wenye afya, wewe na wa nyumbani kwako. Usijisumbue kujibu."

Hayafiki maneno themanini. Anajua ni nani anayeandika, anajua ni lipi unalomshukuru, na anapata habari ya mgonjwa wake. Hiyo habari usiiache. Mgonjwa akisharuhusiwa, mara nyingi nesi hasikii tena aliendeleaje. Na yale maneno ya mwisho yanamwondolea deni la kujibu, maana huenda anausoma katikati ya zamu.

Kama hukuwepo wodini, muulize mzazi mwenyewe au ndugu aliyekuwa akilala naye. Usibuni. Na kama hujui jina la kitaalamu la kilichofanyika, eleza ulichokiona. "Ulikuwa ukimgeuza ubavu usiku na kumwekea mto chini ya miguu ili visigino visiguse godoro" inatosha kabisa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa mara kwa mara, mara nyingi kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya kulalia. Kazi kama hii ndiyo husahaulika kushukuriwa, kwa sababu matunda yake ni kitu ambacho hakikutokea. Baba alilala wiki tano na ngozi yake haikuchubuka: hilo ni jambo la kuandika.

Dhana: Kumpandisha yeye, lazima uwashushe wengine

"Wewe peke yako ndiye uliyejali, wenzako walikuwa hawana habari." Mwandishi anadhani anampa heshima ya juu. Ukweli ni kwamba anamweka pabaya, kwa sababu hawezi kuwasomea wenzake ujumbe huo wala kuubandika kwenye chumba chao. Isitoshe, dawa aliyoianza yeye asubuhi iliendelezwa na wa jioni na wa usiku. Malalamiko yana njia yake na siku yake. Usiyachanganye na shukrani. Mshukuru yeye kwa jina, kisha ongeza sentensi moja: "Utufikishie salamu kwa wenzako wa zamu ya usiku."

Dhana: Bila bahasha, shukrani ni tupu

Hospitali na makao mengi ya wazee huwakataza watumishi kupokea fedha kutoka kwa wagonjwa au jamaa zao, au huweka kikomo cha zawadi. Hatari huongezeka mzazi akiwa bado anahudumiwa, kwani fedha huonekana kama kununua upendeleo. Kabla ya kupeleka chochote, muulize msimamizi wa wodi kinachoruhusiwa. Kitu cha kugawana timu nzima mara nyingi huleta shida ndogo kuliko bahasha ya mtu mmoja.

Msaidizi uliyemwajiri mwenyewe nyumbani ni habari nyingine. Huyo unaweza kumpa nyongeza ya mwisho wa mwaka, ila kama kuna mshahara au siku za mapumziko unazodaiwa, lipa hizo kwanza. Kadi nzuri mkononi mwa mtu anayekudai inauma.

Dhana: Mzazi akishafariki, salamu humtonesha nesi

Watu wengi hunyamaza hapa, na kunyamaza huko kuna hasara. Nesi aliyemuuguza mtu hadi siku zake za mwisho anaweza kubaki akijiuliza kama familia iliridhika. Mwandikie, ila badilisha mpangilio. Taja msiba mapema na kwa maneno ya wazi: "Baba alifariki mwezi wa tisa, wiki mbili baada ya kutoka kwenu." Huenda hajui, naye asije akakuuliza "mzee anaendeleaje?" Kisha taja tendo, kwa mfano jinsi alivyokuwa akimlowesha midomo kwa pamba baba aliposhindwa kunywa. Mtakie heri kwa upole, na uache picha za fataki na rangi za sherehe.

Dhana: Kumtangaza mtandaoni ndiyo heshima kubwa

Picha ya nesi kando ya kitanda, jina lake na ugonjwa wa mama, vyote hadharani. Mama hakuombwa ruhusa, nesi naye anaweza kuulizwa na mwajiri wake kwa nini picha ya mgonjwa imetoka wodini. Huenda nyuma yake ameonekana pia mgonjwa wa kitanda cha pili.

Heshima inayomfaa zaidi ni nakala ya shukrani zako kwa msimamizi wake. Barua ya jamaa wa mgonjwa inaweza kuwekwa kwenye jalada la mtumishi na kumsaidia anapotathminiwa kazini. Andika jina lake kama lilivyo kwenye beji, wodi, mwezi na zamu, kisha tendo lenyewe kwa sentensi mbili au tatu. Jina la ugonjwa si lazima. Ipeleke kabla ya wiki ya sikukuu, maana wiki hiyo wasimamizi wengi huwa likizo na barua hulala mezani hadi mwaka mpya.